Mshale wa winga usihamie kwa beki

*"Napiga video za mechi za mtaani hapa Ujiji kwa simu. Kuna winga mmoja, jezi namba 7, nataka mshale na jina lake vimfuate nimtumie klipu kocha mmoja aliyeko Dar. Nikitumia ile Tracking ya kwenye simu, sekunde mbili za mwanzo inakwenda vizuri, akipishana tu na beki jina linahamia kwa beki. Nimeweka duara kubwa limzunguke mwili mzima, bado. Nina laptopu ya RAM GB 8. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, hilo duara kubwa ndilo lililokuponza. Wengi hudhani kwamba ukimzungushia mtu duara, programu inamshika yule mtu, na kwamba duara likiwa kubwa inamshika zaidi. Sivyo. Ufuatiliaji wa kawaida wa nukta haujui mtu, jezi wala mpira. Unachukua kipande cha picha ulichokichagua kwenye fremu ya kwanza, unakwenda fremu inayofuata, na kutafuta sehemu inayofanana nacho kuliko nyingine zote. Ukishaipata, unaandika mahali pake, kisha unasonga mbele. Ni sawa na kumpa mtoto kipande cha kitenge aende dukani akuletee doti inayofanana. Ile yenyewe ikiwa imefunikwa, hatarudi mikono mitupu. Atakuletea iliyokaribiana nayo.

Sasa angalia ndani ya duara lako kulikuwa na nini. Mwili mzima wa winga una mikono inayorushwa na miguu inayopishana, na katikati ya miguu kuna majani na vumbi la uwanja. Pengine nusu ya sampuli yako haikuwa mchezaji kabisa, ilikuwa ardhi. Na hiyo nusu ya mchezaji inabadilika sura kila anapopiga hatua. Beki anapokatiza mbele yake, winga halisi hayupo kwenye picha kwa fremu kadhaa, ilhali beki yupo: ana kichwa, ana jezi, ana miguu inayokimbia, na nyuma yake kuna majani yaleyale. Kwa kipimo cha mfanano wa pikseli, yeye ndiye mshindi. Jina linahamia kwake na halirudi tena, kwa sababu programu haina habari kwamba imekosea.

Programu nyingi za kompyuta hukuonyesha visanduku viwili. Cha ndani ni sampuli, yaani kile kinachotafutwa. Cha nje ni eneo la kutafutia, yaani programu iende umbali gani kukisaka kwenye fremu inayofuata. Kwenye simu mara nyingi unaona umbo moja tu na hilo la pili limefichwa, ndiyo maana hukupata pa kurekebisha. Kisanduku cha nje kikiwa kidogo mno, mchezaji akichomoka kwa kasi anatoka nje yake na ufuatiliaji unapotea. Kikiwa kikubwa mno, kinawameza wachezaji wengine, na hapo unaukaribisha ule mrukio ulioupata.

Kiwe na ukubwa gani basi? Tuhesabu kidogo. Tuseme picha yako ina upana wa pikseli 1920 na umekaa mbali kiasi kwamba upana huo unaonyesha mita 40 za uwanja. Kila mita inapata pikseli 48. Kichwa cha mtu kina kama sentimita 22, kwa hiyo kinapata pikseli kumi tu na ushei. Hiyo ni sampuli maskini, na vichwa vyote vya uwanjani vitafanana. Ukisogea, au ukivuta lenzi hadi picha ionyeshe mita 20, kichwa kinapata pikseli kama 20, na hapo kuna kitu cha kufananisha. Winga anayekimbia mita 7 kwa sekunde, ukipiga fremu 30 kwa sekunde, anasogea kama sentimita 23 kila fremu. Kwenye picha hiyo ya mita 20 ni pikseli 22 hivi, iwapo kamera imetulia. Ukiwa unamfuata kwa kamera anasogea kidogo zaidi ya hapo au pungufu, kulingana na mkono wako. Kwa hiyo acha nafasi ya pikseli 40 hivi kila upande wa sampuli, uanzie hapo.

Kabla hujagusa programu yoyote, hakikisha unatumia faili la asili kutoka kwenye simu iliyorekodi. Klipu iliyopitia WhatsApp kama video ya kawaida imebanwa hadi kichwa cha mchezaji kimegeuka vigae vya rangi moja, na vigae hivyo vinarukaruka hata mtu akiwa amesimama. Ufuatiliaji utafuata vigae. Lihamishe kwa waya au flashi, au litume kama dokumenti.

Kuna na jua. Huko kwenu jua linazama upande wa ziwa, na mechi za mtaani huchezwa jioni. Ukikaa upande unaokufanya utazame ziwani saa kumi na moja, wachezaji wote wanakuwa vivuli vyeusi: jezi nyekundu na ya bluu hazitofautiani, namba 7 haisomeki, na hakuna ufundi wa kuhariri utakaorudisha kisichorekodiwa. Hamia upande wa pili, jua liwe mgongoni kwako. Kwa mechi zijazo hilo litakusaidia kuliko lolote nitakalokueleza hapa chini.

Kwa klipu uliyonayo tayari, nashauri uifanyie kazi kwenye laptopu kwa DaVinci Resolve. Toleo la bure linatosha, kwa sababu `Tracker` ninayoieleza imo humo. Hiyo ni nodi, yaani kisanduku kimoja cha kazi unachokiunga na vingine kwa mistari. RAM ya GB 8 ni ndogo kwa programu hiyo, sikufichi, hasa kwenye ukurasa wa Fusion ambako kazi hii inafanyika. Itakwenda iwapo utaipa kipande kifupi badala ya mechi nzima. Mimi hukata kwanza kwa ffmpeg, programu ya bure unayoiendesha kwa kuandika amri, hivi:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -i mechi.mp4 -t 6 -vf "scale=1920:-2,fps=30" -c:v libx264 -crf 16 -g 1 -an winga.mp4
```

Hapo nimechukua sekunde 6 kuanzia dakika ya 12 na sekunde 40, nikazipunguza hadi upana wa 1920 endapo ulirekodi kwa 4K, na nikalazimisha fremu 30 kamili kila sekunde. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mpangilio sawa. Zinaongeza na kupunguza kadiri mwanga unavyobadilika, na hilo huvuruga hesabu za fremu baadaye. Ile `-g 1` inafanya kila fremu ijitegemee, kwa hiyo laptopu haihangaiki unaporudi nyuma na kwenda mbele. Faili litakuwa zito kidogo, lakini ni sekunde 6 tu. Sauti nimeiondoa kwa `-an`; ukiihitaji, futa hilo neno.

Iweke klipu kwenye Resolve, kisha fungua ukurasa wa Fusion. Utakuta `MediaIn1` imeungwa na `MediaOut1`. Ingiza nodi ya `Tracker` katikati yake. Kisanduku kitatokea kwenye picha. Kipeleke kwenye kichwa na mabega ya winga, na kisanduku cha ndani kiguse mpaka wa kichwa na majani kwa kiasi kidogo tu. Kwa nini kichwa? Kwa sababu mtu anapokimbia, kichwa na mabega ndivyo vinavyobadilika sura kidogo zaidi. Namba mgongoni ni sampuli nzuri pia, tena ina kona kali, lakini winga akigeuka tu imepotea.

Sasa kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka, nacho ni `Adaptive Mode`. Ukichagua `None`, programu itafananisha kila fremu na sampuli ya kwanza kabisa. Haitelezi, lakini mchezaji akigeuza uso tu inakwama. Ukichagua `Every Frame`, inachukua sampuli mpya kila fremu. Hiyo inavumilia mgeuko, ila kila fremu inakuja na kosa dogo, na makosa hayo yanajumlishana: baada ya sekunde tatu mshale uko begani, baada ya tano uko kwenye majani nyuma yake. `Best Match` iko katikati, inabadilisha sampuli pale tu mpya inapofanana vya kutosha. Kwa mtu anayekimbia, anza na hiyo.

Bonyeza `Track Forward` na utulie utazame. Usiende kunywa chai. Tuseme klipu yako ina fremu 180 na beki anakatiza kuanzia fremu ya 71 hadi ya 79. Utaona kisanduku kikienda sawa mpaka hapo, halafu kinaruka. Simamisha. Mrukio unaujua kwa kuangalia mstari wa njia uliochorwa kwenye picha: njia ya mtu anayekimbia ni laini, ina mawimbi madogo ya hatua zake. Ukiona pembe kali ya ghafla, hapo kisanduku kimemwacha mtu wako. Mteleko, yale makosa madogo yanayojumlishana, ni mgumu zaidi kuugundua kwa sababu njia inabaki laini. Huo unauona kwa kuruka kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho na kuuliza, je, kisanduku bado kiko kwenye kichwa kilekile, mahali palepale?

Rudi fremu ya 70, ya mwisho ambayo winga anaonekana wazi. Kisha nenda fremu ya 80, pale anapotokeza tena, na ubebe kisanduku kwa mkono ukiweke juu ya kichwa chake, sehemu ileile uliyoanzia. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kitufe: usibonyeze `Track Forward`, maana kitaanza upya tangu mwanzo. Tumia `Track Forward from Current Time`, kinachoendelea kuanzia fremu uliyopo. Wa pili ni kipengele cha `Path Center`. Kina chaguo mbili, `Pattern Center` na `Track Center (append)`, na watu huzichanganya.

`Track Center (append)` imewekwa kwa ajili ya kubadili kitu unachokifuata huku mtu bado anaonekana. Mathalani winga anageuka na kichwa chake kinakuwa kigumu kufuatwa, ukaamua kuhamia kwenye namba ya mgongoni. Programu inajua umehama, inapima tofauti ya mahali pa zamani na papya, na njia inaendelea bila kuruka. Ndiyo maana hukitumii kuvuka pengo la beki. Winga amesogea zaidi ya mita mbili akiwa nyuma ya beki, na programu ingechukulia kwamba ule umbali ni tofauti ya sampuli, ingeufuta, na mshale ungebaki mita mbili nyuma yake hadi mwisho wa klipu. Kwa pengo, tumia `Pattern Center`: njia inapita mahali kisanduku kilipo kweli.

Ukimaliza kufuata hadi mwisho, futa alama zozote za njia zilizobaki kati ya fremu ya 71 na ya 79, kwa sababu ndizo zilizomfuata beki. Programu itaunganisha fremu ya 70 na ya 80 kwa mstari. Fremu tisa ni chini ya theluthi moja ya sekunde, na jicho halitajua kwamba mshale ulikuwa unakisia. Pengo likizidi nusu sekunde, au winga akibadili mwelekeo akiwa amefichwa, kisio kitaonekana. Hapo heri ufifishe mshale kabisa hadi atokeze.

Kuweka jina sasa ni kazi nyepesi. Ongeza nodi ya `Text+`, iunge kwenye ingizo la mbele la nodi ya `Merge`, ile inayoweka picha moja juu ya nyingine, huku `Tracker` ikiingia nyuma na `Merge` ikitokea `MediaOut1`. Andika jina, shuka mstari, andika ▼. Fonti isipokuwa na alama hiyo utaona kisanduku kitupu, badili fonti. Kisha kwenye `Merge`, bonyeza kulia juu ya neno `Center`, chagua `Connect To`, halafu `Tracker1`, halafu `Offset Position`. Maandishi yataruka na kumkalia winga usoni. Kuyapandisha, usiguse `Merge`. Nenda kwenye `Text+`, sehemu ya `Layout`, ubadili `Center` ya wima kutoka 0.5 hadi 0.58 au zaidi kidogo, kulingana na ukubwa wa mchezaji kwenye picha. Vipimo vya Fusion vinaanzia 0 chini hadi 1 juu, kwa hiyo kuongeza namba ni kupandisha.

Cheza klipu. Huenda mshale ukadundadunda pamoja na kila hatua ya winga. Wengine wanapenda, mimi unanikera, kwa sababu jina linalotetemeka halisomeki. Kuna kipengele cha `Frames Per Point` kinachosema njia iwekewe alama kila baada ya fremu ngapi. Kikiwa 1 kila mtikisiko unaandikwa. Kiweke 4 au 5 na ufuatilie upya, mawimbi yatalainika. Usikipeleke mbali zaidi ya hapo: winga akikata ndani ghafla, mshale utachelewa kukata naye.

Sasa nikuambie ambacho pengine hukutegemea kwa mtu wa fani hii. Kwa shabaha yako, huenda huhitaji ufuatiliaji kabisa. Kocha anayetazama klipu anataka kujua mara moja ni nani wa kumtazama, kisha aachwe atazame miguu. Simamisha picha kwa sekunde moja na nusu kabla winga hajapokea mpira, weka mshale na jina juu yake, halafu achia mchezo uendelee bila chochote juu ya kichwa chake. Hiyo unaifanya kwenye simu kwa dakika chache, haina cha kuruka, na haifichi mpira wa juu unapopita. Mshale unaofuata naufanya pale tu mchezo umejaa watu na mhusika anapotea machoni, kama kwenye kona au msongamano wa boksi.

Na kama unautaka mshale unaofuata lakini laptopu imegoma, simu bado ina njia: achana na ufuatiliaji wa moja kwa moja, weka alama za mahali kwa mkono, zile almasi ndogo kwenye mstari wa muda. Kwa sekunde 4 za fremu 30, ukiweka almasi kila baada ya fremu 10 ni almasi 13. Unaburuta jina hadi juu ya kichwa, unasonga fremu 10, unaburuta tena. Anapobadili kasi au mwelekeo, ongeza almasi moja katikati. Inachosha, lakini akili yako inamjua winga hata akiwa nyuma ya beki, jambo ambalo programu haiwezi. Kwa klipu moja yenye mapishano mengi ningefanya hivyo bila kujiuliza mara mbili. Kwa klipu kumi, hapana.

Kitu kimoja nakuomba usikifanye ni kutuma klipu ambayo jina limekaa kwa beki hata kwa sekunde moja. Kocha hamjui kijana wako. Akiona jina juu ya mtu aliyepokonywa mpira, ndiye huyo atakayemkumbuka. Kagua kwa kasi ya nusu kabla ya kutuma, na umwonyeshe mtu ambaye hakuwepo uwanjani, umuulize namba 7 alifanya nini.

Ukijaribu na Fusion ikawa inajifunga kila unapobonyeza kufuatilia, usiendelee kupoteza jioni zako. Hiyo ni kumbukumbu ya mashine, haihusiani na ujuzi wako. Tafuta mtu wa studio pale mjini Kigoma, wale wanaohariri video za harusi mara nyingi wana kompyuta zenye RAM GB 16 au zaidi na kadi ya picha. Nenda mwenyewe, usitume tu faili, kwa sababu yeye hatajua ni kichwa kipi cha kufuata wakati watatu wamebanana. Beba faili la asili kwenye flashi, na kwenye karatasi uandike muda wa kila tukio na rangi ya jezi ya anayemkatiza. Kabla ya kukubaliana bei, mwambie akufanyie pale kwenye lile pengo la beki kwanza. Sehemu nyingine za klipu zitamsumbua kidogo mno.